Taa Nyekundu Chumbani kwa Mkwe

Mume wangu na mama yangu wameishi ua mmoja tangu mwisho wa mvua, na bado sidhani kama mmoja wao angeweza kumtambua mwenzake sokoni kwa sura. Kwa miguu, sawa. Mume wangu anaijua vizuri miguu ya mama, na mama anajua viatu vyote vya mume wangu, maana kila wakikutana wote wawili wanatazama chini kama watu waliodondosha sindano.

Kwetu Wapimbwe mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Mume wangu ni Msukuma, wazazi wake waliingia Mwamkulu na ng'ombe wao kabla hajazaliwa, na kwao ndiyo usiseme. Mkwe hasalimiwi kwa mkono, hakuna kukaa naye sebule moja, na chumba chake cha kulala mkwe wa kiume hata mlango wake hausogelei. Nikimwambia mume wangu kwamba hayo ni mambo ya zamani ananijibu, "Heshima si utumwa." Mimi namjibu kwamba heshima yao wawili ina mtumwa wake, na mtumwa mwenyewe ni mimi. Chakula napeleka mimi, salamu napeleka mimi, na majibu ya salamu narudisha mimi, wakati wote wawili wanasikiana vizuri kabisa kupitia dirishani.

Mama alitoka Kibaoni kuja Mpanda mjini kwa ajili ya mguu. Alivunjika akiwa anatoka kwenye majaruba ya mpunga, akatibiwa, na daktari akasema asirudi shamba mpaka mguu ukae sawa na mazoezi ya pale hospitali yaishe. Kumwambia mama yangu asirudi shamba ni sawa na kumwambia jogoo asiwike. Tukampa nyumba ndogo ya uani, ile yenye mlango wake mwenyewe, na wiki ya kwanza alilia. Alilia waziwazi, mbele yangu, kwamba kuku wake watakwisha.

Dawa ya kilio hicho ilikuwa simu. Mdogo wake aliyebaki kule Kibaoni, yaani mama yangu mdogo, ana simu nzuri aliyonunuliwa na wanawe. Basi kila alasiri alikuwa anapiga simu ya video, na mama anakagua mji wake akiwa kitandani kwangu Mpanda. "Geuza simu nione banda. Hapana, huko ni chooni. Geuza tena. Yule mtetea mweupe yuko wapi? Nani kaacha jembe nje?" Mama mdogo alizunguka na simu kama mwandishi wa habari. Baada ya hapo mama anatulia, anakula, anakubali kufanya mazoezi ya mguu. Siku ambazo hakuona kuku, mazoezi hayafanyiki. Nilishaijua hiyo hesabu.

Lakini nyumba ya uani, kwa bati lake na kuta zake, haishiki mtandao wa simu. Ukitaka kuongea inabidi utoke usimame karibu na karo, na bando la video linaisha kabla hata ya kumaliza kusalimiana. Intaneti ya nyumbani ilikuwa inaanzia mbele, kwenye duka letu la stationery, tunapotoa kopi na kujaza maombi ya wanafunzi. Ruta kubwa iko pale, juu ya kabati la karatasi. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, ila ugonjwa wake ni vifaa. Alivyosikia mama analia, alikwenda akanunua kifaa cha pili cha ruta ileile, kile kidogo kinachoshirikiana na mkubwa wake na kusogeza intaneti mbali zaidi. Akakiweka mezani dukani, akakiunganisha kwenye app ya simu yake, akanikabidhi nikakichomeke chumbani kwa mama. Alipoona bila waya kinashika na kuachia, maana kati ya duka na mama kuna kuta tatu za tofali za kuchoma na mlango wa chuma, akavuta waya kutoka ruta kubwa: ukapita juu ya dari, ukatokea nje chini ya bati, ukavuka uani hadi kwenye paa la nyumba ndogo, ukateremka kuingia dirishani. Kazi hiyo aliifanya siku mama amekwenda hospitali, ili asije akafumaniwa dirishani kwa mkwe.

Mambo yakawa mazuri, na mama akaanza hata kunenepa.

Siku moja alasiri nikiwa dukani natoa kopi za vyeti, nikamsikia mama anaita kutoka uani kwa sauti ya mtu aliyenyimwa. "We mtoto! Mbona kuku wameganda?"

Nikaenda. Simu ilikuwa imeganda kweli, mama mdogo kafunua mdomo, nyuma yake mtetea mweupe ananing'inia hewani mguu mmoja. Kisha picha ikakatika. Kifaa pale mezani kilikuwa kimewasha taa nyekundu.

Mume wangu aliporudi shuleni nikamwambia. Hakuvua hata viatu. Alifungua app yake, akanionyesha: duka kijani, chumba cha uani kijivu, na chini yake imeandikwa kwamba hakipo hewani. Uso wake ulikunjuka. Mwanaume huyu ukimwambia kuna kitu kimeharibika anafurahi kama aliyealikwa harusini.

"Mambo ni matatu," alisema. "Umeme, umbali, waya. Tunaanza na umeme."

"Tunaanza nani?"

"Wewe utakuwa macho yangu."

Basi tukaenda. Yeye alisimama kwenye kona ya nyumba ya uani, mgongo kwa dirisha, akakohoa mara kadhaa ili mama ajue yupo. Mimi nikaingia ndani. Mama alikuwa amekaa kitandani amejifunika khanga hadi kichwani.

"Muulize mama, kile kifaa taa yake ina rangi gani," mume wangu alisema kwa sauti ya darasani.

"Mwambie ni nyekundu," mama alinijibu mimi.

Mume wangu alikuwa anangoja nimwambie.

"Ni nyekundu!" nilipiga kelele. "Si umesikia mwenyewe? Jamani, nyie watu mtaniua."

"Mwambie mama asante. Ingekuwa imezima kabisa tungesema hakuna umeme. Nyekundu maana yake umeme upo ila hakimwoni mkubwa wake. Sasa muulize, kimechomekwa ukutani au kwenye extension?"

"Mwambie kwenye extension, pamoja na birika."

Tukakitoa kwenye extension, nikakichomeka ukutani peke yake, maana alisema extension ikilegea umeme unakuwa unakuja na kuondoka. Kikazima, kikawaka, kikapepesa. Aliniambia nisikiguse, nisubiri kiamke chenyewe. Tukasubiri. Mama akasubiri. Mume wangu akasubiri huko konani akiongea na ukuta. Kikamaliza kupepesa, kikarudi kwenye wekundu wake.

"Waya umekaa vizuri kwenye tundu lake?"

Nikatazama. Kichwa cha waya kilikuwa kimelegea kidogo, nikakisukuma, kikaingia. "Umekaa," nilisema.

"Basi umeme si tatizo. Kichomoe, niletee dukani tupime umbali."

Nikachomoa kila kitu, nikakikumbatia kile kifaa na waya wake wa umeme, nikatoka. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ni la haraka tu: sikumwambia mama napeleka wapi. Nilidhani amesikia. Kumbe kutoka kitandani alichokiona ni kwamba mkwe amekuja akauliza maswali, kisha binti yake mwenyewe akakibeba kifaa akaondoka nacho.

Dukani tulikiweka karibu na ruta kubwa, bila waya wowote wa intaneti, umeme tu. Haikuchukua muda. Taa ikawa kijani, na kwenye app kikarudi hewani. Mume wangu alipiga meza kofi moja. "Umeona? Mtoto mzima wa afya! Akiwa karibu na mzazi wake hana shida yoyote."

"Kama wewe," nilimwambia, "ukienda Mwamkulu kwa mama yako."

Tukakisogeza hadi dirisha la jikoni, katikati ya safari. Kikashika, ila app ikasema mawimbi ni dhaifu. Nikakirudisha chumbani kwa mama, bado bila waya: nyekundu. Nikachomeka na waya: nyekundu vilevile. Nilivyomwendea na jibu, mume wangu alikuwa ameshapata la kusema. Kifaa hakina ubovu. Kwa umbali ule na zile kuta, mawimbi peke yake hayafiki, ndiyo maana tuliweka waya. Waya ukiwa mzima, umbali wa uani si kitu. Kwa hiyo waya haufanyi kazi yake.

Mimi sikuwa namsikiliza tena, kwa sababu chumbani nilikuwa nimeona kitu kingine. Begi la mama lilikuwa juu ya kitanda, limejaa, na zipu imefungwa.

"Mama, safari ya wapi?"

"Nyumbani. Kesho kuna gari la Kibaoni."

"Na mguu?"

"Mguu nitakwenda nao."

Nilijaribu kucheka, akanikatisha. Alisema taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Alisema yeye si mtoto, anajua mtu akichokwa anaambiwaje. Hakuna anayemwambia mgeni ondoka. Unaanza kupunguza kimoja kimoja. Leo kile kifaa, kesho utasikia umeme umepanda. Alisema anajua sauti yake ni kubwa, kila alasiri anapiga kelele za kuku mpaka wateja dukani wanasikia, na mkwe ni mtu wa kusoma, anahitaji utulivu. "Mwambie simlaumu. Mwambie asante kwa yote."

"Mama, kifaa kimeharibika! Anakitengeneza!"

"Kimeharibika, lakini dukani kimewaka. Nimewasikia mnashangilia."

Hapo nilichoka. Kweli tulishangilia. Nilimweleza mambo ya umbali na ukuta na mawimbi, nikaona ananitazama kama mtu anayesikiliza uongo wa mtoto anayempenda. Angekaa mtu mwingine na mkwewe wakazungumza maneno matatu, yangeisha. Lakini hawa wawili! Mficha uchi hazai, na hawa walikuwa wameficha hadi salamu.

Nikaenda dukani nimevimba. "Mama anaondoka kesho," nilimwambia mume wangu. "Anasema umemzimia intaneti."

Alinitazama mdomo wazi. "Mayu!" alisema, kama Wasukuma wote mambo yanapozidi. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja. Mazoezi ya mguu yalikuwa bado, daktari hakuwa amemruhusu, na Kibaoni mama asingekaa kitandani hata siku moja, tulijua wote wawili. Angeshika jembe asubuhi ya kwanza.

"Nenda kamwambie mwenyewe," nilisema.

"Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo."

Aliangalia viatu vyake. Hata mama akiwa hayupo anaangalia viatu. "Ngoja kwanza nitengeneze waya," alisema. "Akiona kimewaka, ataamini."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini nilimwacha. Alianzia kwenye ruta kubwa. Pale waya unapoingia huwa kuna kitaa kidogo kinachoonyesha kwamba upande wa pili kuna kitu kimeunganishwa. Kilikuwa kimezima. Akachukua waya mwingine mfupi, akauchomeka kwenye tundu lilelile na kompyuta ya duka, kitaa kikawaka. Kwa hiyo tundu ni zima, waya mrefu ndio wenye matatizo. Akapanda dari, akaufuata kwa tochi, akashuka na utando wa buibui kwenye nyusi: huko hakuna panya aliyegusa. Akaegemeza ngazi nje, akaukagua chini ya bati, kipande kwa kipande, kwa vidole. Mzima. Akafika kona ambapo waya unaachana na nyumba kubwa kuanza kuvuka uani, akasimama. Akashuka kwenye ngazi.

"Upande huu hauna tatizo," alisema.

"Na pale uani?"

"Pale pako sawa."

"Umepaonaje na wewe unaangalia mchanga?"

Akajikuna shingo. "Pale siwezi kupaangalia," alisema kwa sauti ndogo. "Huwa kuna nguo."

"Nguo gani?"

"Za mama."

Nikageuka nikaangalia juu, mimi mwenye ruhusa ya kuangalia. Loh! Pale uani, kwenye waya wake wa intaneti, mama yangu alikuwa ameanika khanga mbili, sketi, gagulo, na nguo nyingine ambazo hata mimi sitazitaja hapa. Na katikati yao, zito, bado linadondosha maji, blanketi la Kisukuma tulilompa alipokuja, lile nene la kujifunika msimu wa baridi. Waya ulikuwa umevutwa chini kama upinde, na ule upande wa dirishani umekazwa mpaka unalia.

Nilianza kucheka nikiwa nimesimama, nikamalizia nimekaa chini. Siyo mama peke yake aliyenichekesha. Ni kwamba zile nguo zilikuwa zinaanikwa pale kila siku mbele ya macho yangu! Nilikuwa nimeziona tangu waya ulipofungwa. Nilidhani mume wangu amemfungia mama kamba ya nguo karibu na mlango wake, asihangaike na mguu kwenda zilipo kamba za huku mbele, na moyoni nilikuwa nimemsifu sana bila kumwambia, asije akavimba kichwa. Na yeye mwenye waya, mtu wa kukagua kila kitu, alipita chini yake asubuhi na jioni ameinamisha kichwa, kwa sababu kuangalia nguo za ndani za mkwe ni aibu isiyofutika. Mtu pekee aliyejua kwamba ni waya ndiye mtu pekee asiyeruhusiwa kuutazama. Makubwa haya!

"Kuna blanketi," nilimwambia nikifuta machozi.

"Bichi?"

"Limeloa chapachapa."

Alifumba macho kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. "Sasa kile kichwa cha waya, kule ndani. Hebu kaangalie tena. Usikisukume. Kiangalie."

Nikaanua nguo zote, nikaingia ndani. Safari hii nilikishika nikakitazama kweli. Kichwa kilikuwa kimebaki ndani ya tundu pale nilipokisukuma, lakini waya wenyewe ulikuwa umechomoka nyuma yake. Gamba la nje limevutika, na zile nyaya ndogo za rangi rangi za ndani zinaonekana, nyingine zimetoka kabisa. Yaani nilichokuwa nimekibana vizuri ni kichwa kisicho na mwili.

Mama alikuwa ananiangalia nikiwa na nguo zake mbichi begani.

"Ulikuwa unachekea nini huko?"

Ningenyamaza ingekuwa heri. Lakini ulimi wangu nimeurithi kwake mwenyewe. "Mama, ile siyo kamba. Ule ndio waya wa intaneti. Umeukata kwa blanketi!"

Hakucheka. Uso ulimshuka. Alitazama dirishani pale waya unapoingilia, kisha akatazama begi lake.

"Siyo kamba?"

"Siyo kamba, mama."

"Mimi nilijua amenifungia." Alinyoosha khanga mapajani, akainyoosha tena. "Niliporudi hospitali siku ile nikaikuta. Nikasema, mkwe wangu hasemi, lakini ameona mguu huu hauwezi kufika mbele. Nimewaambia hata Kibaoni kule. Nimemsifia. Kumbe namharibia mali yake. Sasa ndiyo kabisa naondoka. Nitamtazamaje?"

Nilitaka kumwambia kwamba hajawahi kumtazama, lakini kicheko kilikuwa kimenikauka. Nilimhurumia sana. Mtu alikuwa amejipa zawadi mwenyewe, akaishukuru kimya kimya muda wote ule, na mimi nimekuja kumnyang'anya kwa sentensi moja.

Nikautoa waya nje kupitia dirishani. Mume wangu alikuwa amegeuza ndoo akakaa, mgongo kwa dirisha, na koleo lake la kubania vichwa vya waya mkononi. Nikampitishia ncha juu ya bega, kama kinyozi na taulo. Akakata sehemu iliyoharibika, akamenya gamba, akaanza kuzipanga zile nyaya ndogo nane, kila rangi kwa nafasi yake, maana ukikosea mpangilio haufanyi kazi.

Nikainama nikamwambia sikioni, "Alidhani ulimfungia kamba. Kwa ajili ya mguu. Amekusifia hadi Kibaoni."

Vidole vyake vikasimama. Zile nyaya zikamtawanyika, ikabidi aanze upya. Hakuniangalia.

"Miezi yote hii," alisema baadaye, "sikuwahi kujiuliza anaanika wapi."

Akabana kichwa kipya, akautikisa kuona kama umeshika, akanirudishia juu ya bega, akaenda dukani kuangalia ruta. Nikauingiza ndani, nikauchomeka. Taa ilipepesa. Mama alijifanya anakunja nguo. Ikapepesa weee, kisha ikatulia kijani. Kutoka dukani nikasikia mume wangu akisema kwamba kitaa cha kwenye ruta kimewaka, na chumba cha uani kimerudi hewani. Hakushangilia safari hii.

"Mama, kimewaka," nilisema. "Umeona sasa? Kilikuwa kimeharibika kweli."

"Nimeona," alisema. Begi halikutoka kitandani.

Nikarudi dukani. Nilikaa, nikapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mume wangu alikuwa amesimama katikati ya duka akikunja na kukunjua kile kipande cha waya alichokikata. Nilijua anatunga hotuba, na nilijua hataitoa.

Simu yake ikaita. Aliitazama, akaiweka mezani kwa haraka kama imemuunguza.

"Ni mama," alisema. "Ni ya video."

"Pokea."

"Ya video!"

"Pokea, baba watoto, la sivyo napokea mimi."

Akaibonyeza, akailaza mezani chali, uso wake mbali nayo kabisa. Nikachungulia. Upande wa pili mama naye alikuwa ameilaza ya kwake. Kwenye kioo kulikuwa na mabati ya nyumba ya uani na boriti moja, na kule kwake bila shaka aliona dari ya duka letu. Dari mbili zikatazamana kwa muda.

"Mkwe," dari ya mama ilisema.

Mume wangu alisimama wima kama anaimba wimbo wa taifa. "Naam, mama."

Kwa mara ya kwanza tangu niolewe hakuna aliyehitaji nipeleke neno lolote, na sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Nimekuharibia waya wako."

"Hapana, mama. Mimi ndiye niliyeupitisha mlangoni kwako bila kukuuliza unahitaji nini."

Nikaona boriti ikitikisika kidogo kwenye kioo, labda mama alikuwa amekaa kitandani.

"Basi nifungie kamba," alisema. "Ya nguo, ya kwangu. Isiwe juu sana, mguu hauniruhusu kunyanyuka."

"Naam, mama."

"Na ufunge sehemu yenye bati juu. Mvua zikianza sitaki nguo zangu ziloane."

Simu ikakatika. Mume wangu alibaki ameinamisha kichwa juu ya meza. Nje ilikuwa kiangazi, vumbi limejaa hadi kwenye majani ya mipapai, na mvua zilikuwa mbali sana.

"Amesema mvua?" aliniuliza.

"Amesema mvua."